Nembo ya fundi cherehani: maumbo manne na rangi mbili

Mahali pagumu kuliko pote kwa nembo ya fundi cherehani ni kwenye lebo ya kola. Bango la barabarani lina nafasi tele, na mchoro wenye kasoro bado husomeka ukikuzwa hadi kimo cha mtu. Lebo haina huruma hiyo. Kimo chake ni kama sentimita moja hadi mbili, nembo yenyewe hufumwa au kudariziwa kwa uzi, na uzi una unene wake ambao hakuna mchoraji anayeweza kuupunguza. Ndiyo maana kubuni nembo ya kazi ya ushonaji huanzia kwenye lebo na kupanda kuelekea kwenye bango. Anayeanzia kwenye bango hupata mchoro wa kupendeza ambao baadaye, siku ya kutengeneza lebo, hugeuka doa.

Picha inayochaguliwa na wengi ni ya cherehani yenyewe. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa cherehani ndicho kifaa kinachomtambulisha fundi tangu mbali. Tatizo ni kwamba cherehani kina kichwa, mkono uliopinda, gurudumu, rili ya uzi juu, sindano chini, na mara nyingine meza na kanyagio. Mchoro wenye vitu vyote hivyo ukipunguzwa hadi milimita 12, mkono na gurudumu hushikana na sindano hutoweka. Tena picha ya cherehani humtangaza mwenye mashine kuliko mwenye duka. Kampuni ya Singer, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1851, ilijulikana dunia nzima kwa herufi S kubwa yenye mwanamke aliyeketi akishona, na mteja aliyekulia kwenye nyumba yenye Singer akiona cherehani kwenye bango humkumbuka aliyekiuza kabla ya kumkumbuka anayekitumia.

Vifaa vidogo vya fundi hutii zaidi. Kifungo ni duara lenye matundu. Sindano ni mstatili mrefu unaoishia kwenye pembetatu. Rili ya uzi ni mistatili mitatu, miwili mipana juu na chini na mmoja katikati, ingawa ikiwa ndogo hufanana mno na herufi I. Mkasi huvutia lakini una mambo mawili dhidi yake: pete zake na makali yake ni vyembamba, na vinyozi na saluni wameshautumia kiasi kwamba mpita njia hana hakika kama ndani ananyolewa au anashonewa. Futi ya kupimia ni utepe tu. Bila namba zake hakuna anayeitambua, na namba hizo ndizo za kwanza kufutika mchoro ukipungua. Hesabu hiyo huacha kifungo na sindano mbele ya vingine vyote.

Vitu hivyo viwili vimetumiwa na mafundi wengi, kwa hiyo kuviweka tu kando kwa kando hakutoshi. Kinachovifanya kuwa vya duka moja na si vya jingine ni namna vinavyopangwa. Chukuliwe mfano wa duka la kufikirika la Ngamiani, Tanga, linaloshona sare za shule, magauni ya vitenge na kanzu, na lililopewa hapa jina la Pindo. Herufi ya kwanza ya jina hilo ni P, nayo ina mguu mmoja uliosimama na tumbo la duara upande wa kulia juu. Sindano inaweza kuwa mguu, na kifungo kikawa tumbo. Nembo hiyo humpa mtazamaji vitu viwili kwa mara moja, kazi inayofanyika na herufi ya jina, bila kuongeza mstari wowote. Duka ambalo jina lake huanza na herufi nyingine litahitaji mpango mwingine: kwa O kifungo peke yake kinatosha, kwa I sindano, ilhali M au K hazina duara la kukaribisha kifungo, na huko si vibaya kuacha herufi kabisa na kubaki na vifaa.

Kuchora kunaanza kwenye karatasi ya miraba, ile ya daftari la hesabu, kwa penseli, rula na kompasi. Kipimo cha kazi nzima ni mraba mmoja, na kanuni inayoshika mchoro wote ni kwamba hakuna sehemu ya nembo, wala nafasi iliyo wazi kati ya sehemu na sehemu, itakayokuwa nyembamba kuliko mraba mmoja. Kanuni hiyo imetoka kwenye uzi. Mshono mzito wa kudarizi haukai vizuri ukiwa na upana wa chini ya milimita moja hivi: nyuzi hujikunja, kitambaa huvutika na mstari huonekana kama kovu. Nembo ikiwa na kimo cha miraba 12, na lebo ikiipa nembo milimita 12, basi mraba mmoja ni milimita moja kamili, na kila sehemu iko mpakani pa kile ambacho uzi unaweza kubeba.

Sindano huchorwa kwanza, ikisimama ncha chini. Upana wake ni miraba 3. Kichwani panawekwa nusu duara yenye nusu kipenyo cha mraba mmoja na nusu, ambayo hushusha kimo kwa mraba mmoja na nusu. Chini yake hufuata mstatili wa upana wa miraba 3 na urefu wa miraba 5 na nusu, kisha pembetatu yenye kitako cha miraba 3 na urefu wa miraba 5 inayokwenda kumalizikia kwenye ncha. Jumla ni miraba 12. Sindano ya kweli haina unene huo hata kidogo, na anayeiona kwenye karatasi mara ya kwanza huona kama msumari. Lakini unene huo unahitajika kwa ajili ya tundu. Tundu la sindano lina upana wa mraba 1 na urefu wa miraba 2, na huanza mraba mmoja chini ya kilele. Kila upande wake hubaki ukuta wa mraba mmoja. Kama sindano ingekuwa na upana wa miraba 2, tundu lingeachiwa kuta za nusu mraba, yaani nusu milimita kwenye lebo, na mdarizi angelazimika kuliziba. Sindano isiyo na tundu ni mwiba.

Ncha peke yake ndiyo inayovunja kanuni. Pembetatu inapoteremka kutoka upana wa miraba 3 hadi sifuri, mraba mmoja na nusu wa mwisho na ushei huwa chini ya kipimo. Hapo hakuna hasara. Uzi ukishindwa kufika hadi mwisho, sindano hufupika kidogo na bado ni sindano. Tofauti ya kosa linaloua mchoro na lile lisiloudhuru iko hapo: tundu likiziba maana hupotea, ncha ikikatika maana hubaki.

Kifungo kinafuata. Ni duara la kipenyo cha miraba 7, kilele chake kikiwa mstari mmoja na kilele cha sindano, nacho hukaa mraba mmoja kulia kwa sindano bila kuigusa. Upana wa nembo nzima hufikia miraba 11 kwa kimo cha 12, karibu mraba kamili, jambo litakalofaa baadaye kwenye simu na kwenye muhuri. Ndani ya duara huchorwa matundu manne, kila moja likiwa na kipenyo cha mraba 1, na kitovu cha kila tundu kikiwa mraba mmoja kushoto au kulia, na mraba mmoja juu au chini, ya kitovu cha kifungo. Matundu jirani hutenganishwa na mraba mmoja, na kati yao na ukingo wa kifungo pana zaidi ya mraba mmoja na nusu. Vifungo vya matundu mawili navyo vipo madukani, na matundu mawili yangekuwa rahisi kuchora. Lakini matundu mawili ndani ya duara husomeka kama macho, na kama yamekaribiana huwa pua ya nguruwe, jambo ambalo fundi wa kanzu hatalifurahia. Matundu manne hayana mashaka.

Ile nafasi ya mraba mmoja kati ya sindano na kifungo huonekana kama kitu kidogo, na watu wengi wakipewa mchoro huo hutaka kuiziba ili herufi P ishikamane. Hiyo ndiyo sehemu yenye kazi nyingi kuliko zote katika nembo hii. Kwanza, uchapaji wa skrini hutumia fremu moja kwa kila rangi, na fremu ya pili haikai kamwe mahali palepale pa ya kwanza. Hupishana kwa nusu milimita, pengine milimita nzima. Rangi mbili zinazogusana zikipishana huacha ama mstari mweupe ama ukingo mchafu ambapo moja imelalia nyingine. Rangi zilizotenganishwa zikipishana, hakuna anayejua. Pili, nembo inapotumika kwa rangi moja tu, nafasi hiyo ndiyo inayozuia sindano na kifungo visiungane vikawa kitu kimoja kisicho na jina.

Kabla ya kufikiria rangi, mchoro hujazwa wote kwa wino mweusi na kupigwa picha kwa simu. Picha hiyo hupunguzwa kwenye kioo cha simu hadi iwe na ukubwa wa ukucha, kisha simu huwekwa mezani na kutazamwa kwa umbali wa mkono. Vinavyotafutwa ni vitatu tu: je, tundu la sindano liko wazi, je, matundu ya kifungo ni manne, je, kuna mwanga kati ya sindano na kifungo? Kama kimoja kimeziba, mchoro hurudi kwenye karatasi ya miraba. Inafaa pia mchoro uonyeshwe kwa mtu asiyejua lolote kuuhusu, bila maelezo, na aulizwe anaona nini. Akisema kifungo na sindano, nusu ya kazi imekwisha. Herufi P wengine hawaioni hadi waelezwe, na hilo halina ubaya, kwa sababu jina la duka litaandikwa pembeni.

Rangi mbili si umaskini. Kila rangi ya ziada ni fremu nyingine kwa mchapaji wa skrini, uzi mwingine wa kubadilisha kwenye mashine ya kudarizi, na kopo jingine la rangi ya mafuta kwa mchora mabango, na vyote hivyo huingia kwenye bei. Katika hesabu hii, rangi ya karatasi au ya kitambaa kilichobeba nembo haihesabiwi, kwa sababu hailipiwi. Kazi ya rangi hizo mbili nayo ni tofauti: moja huwa nzito, hubeba sindano na jina, nyingine huwa nyepesi kuliko hiyo, hubeba kifungo peke yake.

Kosa la kawaida ni kuchagua rangi mbili zinazotofautiana kwa jina lakini zinazolingana kwa uzito. Nyekundu na kijani ni mfano ulio wazi. Zikiwekwa kwenye picha isiyo na rangi, nyekundu iliyoiva na kijani kilichoiva hutoa kijivu kilekile, na mtu ambaye macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, hali inayowapata wanaume zaidi kuliko wanawake, huona kitu kimoja. Jaribio ni rahisi: nembo yenye rangi hupigwa picha, picha hugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe kwa kitufe kilichomo kwenye simu yoyote, na kijivu cha sindano hulinganishwa na kijivu cha kifungo. Kwa duka la Pindo, buluu iliyokolea na rangi ya chungwa iliyokoza hupita jaribio hilo vizuri. Kwenye kompyuta zinaweza kuandikwa `#1B2A5B` na `#E07B00`. Buluu hiyo hutoa kijivu kizito kinachokaribia cheusi, na chungwa hutoa kijivu cha katikati, karibu nusu ya njia kuelekea nyeupe. Rangi ya chungwa ingekuwa nyepesi zaidi, ikaelekea kwenye njano ya limau, kifungo kingeonekana vyema juu ya buluu lakini kingepotea juu ya karatasi nyeupe.

Rangi vilevile zina wenyewe. Dar es Salaam, duka lenye kijani na njano huulizwa kama ni la Yanga au la CCM, na lenye nyekundu na nyeupe huhesabiwa la Simba. Nchini Kenya rangi ya chungwa ina harufu ya chama cha ODM, hivyo mpango unaokaa vizuri Tanga unaweza kumtia fundi wa Kisumu au wa Nyeri kwenye mazungumzo asiyoyataka. Nyekundu ina shida nyingine ya mtaani: vibanda vingi vimepakwa rangi za kampuni za simu na soda, na bango jekundu katikati ya mabango mekundu halionekani. Tena nyekundu na njano za bei nafuu ndizo hupauka haraka juani, wakati nyeusi na buluu hudumu. Njia bora ya kuchagua ni kutembea mtaani pale duka litakapokuwa, kutazama rangi za majirani, na kuondoa kwanza zilizokwisha kutumika.

Jina la duka huandikwa kulia kwa nembo, miraba 2 kutoka ukingo wa kifungo, kwa herufi kubwa zisizo na mikia, zenye kimo cha miraba 5 na unene wa mstari usiopungua mraba mmoja. Katikati ya herufi huwekwa sawa na kitovu cha kifungo, ili jicho lipite kutoka kifungo hadi jina kwa mstari mnyoofu. Upana wote, pamoja na nembo, hufika miraba kama 32. Kimo cha miraba 5 nacho kimetoka kwenye uzi: herufi za kudarizi zenye kimo cha chini ya milimita 4 au 5 hazisomeki, kwa sababu matundu ya D na O huziba. Herufi za kuunganika kama za mwandiko wa mkono, zinazopendwa sana na maduka ya nguo za harusi, hufaa kwenye kadi lakini kwenye lebo hugeuka uzi uliojisokota.

Kishawishi kinachokuja hapa ni kuitumia nembo yenyewe kama herufi ya kwanza, yaani kuandika INDO mbele ya sindano na kifungo. Mbuni anayejua kwamba ile ni P hulisoma jina vizuri. Mteja asiyejua huona kifungo, kisha husoma Indo, na hilo ndilo jina atakalolipeleka kwa jirani. Jina huandikwa zima: PINDO. Maneno mengine, kama sare za shule, mapazia, vitenge na kurekebisha nguo, ni ya bango na hayana nafasi ndani ya nembo.

Mchoro uliokamilika hunakiliwa kwenye kompyuta kwa programu inayohifadhi maumbo kwa vipimo na si kwa nukta. Inkscape ni mojawapo, nayo hutolewa bure. Miraba ya karatasi huwa gridi ya kwenye kioo, duara huchorwa kwa kushikilia kitufe cha `Ctrl` ili lisiwe yai, na matundu hukatwa kwa kuweka duara dogo juu ya kubwa, kuyachagua yote mawili na kutumia amri ya `Difference` kwenye menyu ya `Path`. Matundu lazima yakatwe kweli. Wengi huweka tu viduara vyeupe juu ya kifungo. Kwenye karatasi nyeupe hakuna tofauti, lakini nembo ikiwekwa juu ya mfuko wa kaki au kitambaa cha buluu, viduara vyeupe hujitokeza kama punje za mchele. Faili huhifadhiwa kwa `SVG` kwa ajili ya wachapaji na wadarizi, na kwa `PNG` isiyo na rangi ya nyuma kwa ajili ya simu.

Kutoka hapo nembo hupelekwa kwa mafundi wa aina tofauti, na kila mmoja ana njia yake ya kuiharibu. Mdarizi hushughulika na mvuto wa uzi. Mishono inapolala upande mmoja hukivuta kitambaa upande huohuo, na duara hutoka likiwa yai. Kabla ya kuagiza lebo mia, hutolewa kipande kimoja cha majaribio, na kifungo hupimwa kwa rula mara mbili, kwa upana na kwa kimo. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya nusu milimita, mdarizi huombwa aupanue mchoro kidogo upande unaovutika. Kipande hichohicho hufuliwa kwa maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, maana uzi wa buluu unaochuja rangi utaiharibu kola ya shati la shule siku ya kwanza ya kufuliwa. Sare yenyewe ikiwa ya buluu, sindano hudariziwa kwa uzi mweupe na kifungo kikabaki cha chungwa. Nyuzi bado ni mbili.

Muhuri wa kitabu cha risiti una wino mmoja, na hapo ndipo toleo la rangi moja linapotumika bila kubadilishwa chochote. Mifuko ya kaki ni habari nyingine. Baadhi ya mafundi huikatia kiolezo cha plastiki na kupaka rangi kwa sponji, njia ya bei nafuu ambayo nembo hii haiipendi: matundu manne ya kifungo ni visiwa visivyoshikwa na kitu, na kisu kikimaliza kukata huanguka pamoja na kifungo. Kuviachia vishikizo vyembamba kunawezekana, ila kifungo huonekana kimepasuka. Kwa mifuko michache, muhuri mkubwa wa mpira hufanya kazi safi zaidi. Kwa mingi, skrini.

Kwenye WhatsApp picha ya wasifu hukatwa kuwa duara, na pembe nne za mraba hupotea. Nembo bila jina huwekwa ndani ya duara la kipenyo cha miraba 18, ambalo huiachia nafasi ya karibu miraba miwili pande zote. Kuipanga kwa kufuata kingo zake hakutoshi, kwa kuwa uzito wote uko juu, kwenye kifungo na kichwa cha sindano, na upande wa chini kulia ni mtupu. Nembo husogezwa chini na kulia kidogo hadi jicho liridhike. Jina haliingii humo. Liko tayari kando ya picha, pale simu inapoliandika yenyewe.

Bango ndilo jepesi. Mchora mabango hahitaji kompyuta, hupewa karatasi ya miraba na kipimo kimoja: mraba mmoja ni sentimita 5. Hupiga gridi kwa chaki juu ya ubao, na nembo hutoka na kimo cha sentimita 60, herufi zikiwa na kimo cha sentimita 25, na upana wote ukiwa takriban mita 1 na sentimita 60. Duara la kifungo hupigwa kwa kamba na msumari. Ubao au bati la kunyooka hufaa kuliko bati la mgongo, kwa sababu mteja anayekuja kutoka pembeni huliona duara kwenye bati la mgongo likiwa limekatwa vipande na mawimbi. Herufi O inapochorwa kwa mkono hupanuliwa kwa kiasi kidogo ipite mstari wa juu na wa chini, maana umbo la duara lenye kimo sawasawa na herufi nyoofu huonekana dogo. Herufi za kompyuta zimekwisha kurekebishwa hivyo na waliozibuni.

Kuhusu umiliki, kuandikisha jina la biashara na kusajili alama ya biashara ni mambo mawili tofauti, ingawa Tanzania Bara yote hufanyika BRELA. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na usajili wa upande mmoja haufiki upande wa pili. Kenya, alama husajiliwa KIPI. Tanzania Bara usajili wa kwanza wa alama hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Kabla ya kulipa ada hufanywa upekuzi wa alama zilizokwisha kusajiliwa kwa bidhaa na huduma za aina hiyo, nao hufaa ufanyike kabla ya bango kupakwa rangi. Kinacholindwa ni mpangilio mzima, sindano na kifungo vikiwa P pamoja na jina, kwa kuwa kifungo na sindano vyenyewe ni vya kila fundi, na hakuna ofisi itakayompa mmoja wao haki ya kuwazuia wengine.